Gudi kondakti kwa eCitizen: kisanduku cha sababu, siku ya vidole, na kwa nini ya wengine hukwama

Nina saiba hapa Mtwapa na haipiti wiki sijamjazia mtu maombi ya cheti cha polisi, kile ambacho kwa eCitizen kimeandikwa Police Clearance Certificate lakini sote twakiita gudi kondakti. Kitu nimejifunza ni kwamba kujaza fomu kwenyewe ni dakika ishirini hivi, mtandao ukiwa mzuri. Wanaokwama hukwama kwa mambo matatu: akaunti ya nani imetumika, karatasi ya C24, ile fomu ya vidole, imeprintiwa vipi, na vidole vilikuwa katika hali gani siku ile. Kwa hivyo hapo ndipo nitakaa sana, zile sehemu za kubonyeza tu nitazipita haraka.

Akaunti kwanza, na iwe yako

Ingia ecitizen.go.ke na akaunti yako mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu kuna mtindo mbaya sana, mtu anaenda saiba hana akaunti ama amesahau paswadi, basi yule wa saiba anamfungulia mpya na namba ya simu ya saiba, imeli ya saiba, paswadi anaijua yeye peke yake. Siku hiyo kila kitu chaenda vizuri, mwenyewe anashukuru analipa anaenda zake. Sasa cheti kikitoka hakiletwi mkononi, kinatokea ndani ya ile akaunti na ndiko unakidaunlodi, na wewe huwezi kuingia maana namba ya kuthibitisha yatumwa kwa simu ya mtu mwingine, na pengine huyo mtu alishahamia Voi. Nimeona watu wamekaa mwezi wanasema cheti kimechelewa kumbe kilitoka kitambo, kimelala tu kwenye akaunti wasioweza kuifungua.

Ukisaidiwa, sawa, saidiwa. Lakini namba ya simu iwe yako, iliyo hewani, na imeli iwe unayoweza kuifungua leo hii. Paswadi iandike kwa daftari yako. Kama namba uliyojiandikisha nayo zamani ilipotea, shughulika na hilo kabla hujalipa senti yoyote.

Jambo la pili hapo hapo kwa akaunti ni majina. eCitizen huchukua majina yako kutoka kwa kitambulisho, kwa hivyo cheti kitatoka na majina ya kitambulisho, yakiwa yamepangwa vile vile. Unaenda nje? Toa pasipoti yako uiweke karibu na kitambulisho usome herufi kwa herufi. Hapa Pwani hili latusumbua sana, mtu kitambulisho ni Mwanaisha pasipoti ni Mwanaaisha, ama jina la babu liko huku kule haliko. Ajenti wa kazi ama ubalozi akiona majina mawili tofauti anakurudisha, na hapo si cheti kilichochelewa, ni wewe unaanza upya. Rekebisha kwanza karatasi iliyo na makosa, ndio uombe.

Kujaza fomu

Ukishaingia tafuta idara ya DCI, yaani Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, halafu chagua Police Clearance Certificate na ubonyeze kuomba. Itakuuliza mambo yako ya kawaida, ulikozaliwa, wazazi, unakoishi. Jaza kama ilivyo kwa kitambulisho, usianze kubuni jina la kijiji.

Sasa ile sehemu ya sababu. Watu wengi huiona ndogo wanaweka chochote, wengine huandika neno moja tu, ama wanachagua la kwanza kwenye orodha ili wapite. Mimi humuuliza mteja swali moja kabla sijagusa kibodi: hii karatasi utampelekea nani? Jibu la hilo swali ndilo sababu yako. Kama ni kazi ya hapa nyumbani, weka kazi. Kama ni viza ama kuhamia nje, weka hiyo, na pakiwa na nafasi ya kuandika, taja nchi. Usiandike insha, mstari mmoja watosha, mfano "Kazi ya ulinzi, Qatar" ama "Viza ya masomo, Kanada". Na usiandike "ya kibinafsi", maana mpokeaji akija kuuliza ya nini utakosa jibu linalofanana na ulichojaza.

Tuelewane, sababu haibadilishi jinsi unavyochunguzwa. Awe anaenda kufagia ofisi ama anahamia Toronto, vidole ni vile vile na rekodi wanazotafuta ni zile zile. Kinachobadilika ni mambo yanayofuata baada ya cheti kutoka, na hapo ndio nataka ufikirie sababu yako vizuri.

Anayeomba kazi ya serikali hapa Kenya anatakiwa zile karatasi tano pamoja, gudi kondakti, ya ushuru ya KRA, ya mkopo wa masomo ya HELB, ya maadili ya EACC na ya madeni ya CRB, na cheti kimoja chatosha kazi kadhaa, watoa nakala tu. Usilipe tena kila tangazo likitoka. Anayeomba kuhamia Kanada, wale wanataka cheti cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kupeleka maombi, kwa hivyo ukikimbilia kuomba mapema sana karatasi zingine hazijakamilika kitakuzeekea mkononi na utalipa tena. Na anayeenda Ghuba mara nyingi cheti peke yake hakitoshi, chapitia Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi kigongwe muhuri, halafu ubalozi wa nchi anayoenda nao ugonge wao. Hizo ni siku zaidi na pesa zaidi. Kwa hivyo ajenti akikwambia "leta gudi kondakti", muulize papo hapo: yenye mihuri ama bila? Na isizidi miezi mingapi? Andika jibu lake.

Kulipa

Ada ni shilingi 1,000 na 50 ya huduma, jumla 1,050. Mfumo utakupa invoisi yenye namba yake. Waweza kuletewa ujumbe kwa simu uweke namba ya siri, ama ulipe mwenyewe:

```
M-Pesa > Lipa na M-Pesa > Pay Bill
Business no.: 222222
Account no.: namba iliyo kwenye invoisi
Amount: 1050
```

Ile namba ya akaunti inakili vile ilivyo. Ukiona pesa imetoka na fomu bado yasema hujalipa, usilipe mara ya pili kwa haraka, subiri kidogo, fungua ukurasa tena, na uweke ile meseji ya M-Pesa usiifute. Ni 222222 tu. Mtu akikupa namba yake binafsi eti "nitakulipia iende haraka", hiyo pesa yaenda mfukoni mwake, hakuna foleni ya haraka anayoinunua huko.

Karatasi za kuprinti

Baada ya kulipa, rudi kwenye maombi yako ndani ya akaunti udaunlodi vitu viwili, invoisi na fomu ya C24. Invoisi printi nakala mbili. C24 ndio fomu ya vidole, na ina kurasa mbili ambazo lazima ziwe mbele na nyuma ya karatasi MOJA ya A4. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hili ndilo kosa la saiba nyingi, printa haijui kugeuza yenyewe basi wanatoa karatasi mbili wanazipiga stepla. Ukifika na karatasi mbili utaambiwa urudi ukaprinti tena, na kama umetoka Kaloleni na nauli yako ndio hivyo.

Kama printa haigeuzi, printi ukurasa wa kwanza, chukua karatasi ile ile irudishe kwenye printa upande mweupe, printi wa pili. Jaribu na karatasi chafu kwanza ujue yaingia vipi. Angalia pia isipunguzwe ukubwa, ile mipangilio ya kuifanya fomu ijae karatasi wakati mwingine huvifanya visanduku vya vidole kuwa vidogo na kidole cha gumba cha mwanamume hakitoshi. Wino uwe umekolea lakini karatasi iwe safi, printa inayochora mistari myeusi usiitumie, mstari ukipita juu ya kisanduku cha kidole umeharibu. Na usiikunje! Nunua bahasha ya A4 uitie humo.

Halafu kitambulisho chenyewe na nakala yake. Ndio hivyo.

Apointimenti na vituo

Vidole huchukuliwa makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu, Nairobi, kwenye Huduma Centre, na kwenye ofisi za DCI za kaunti. Mfumo ukikuletea mahali pa kuchagua kituo, siku na saa, chagua na uprinti ile karatasi ya kuthibitisha uende nayo. Nairobi ndio apointimenti ina maana sana kwa sababu ya watu wengi, huku kwetu mara nyingi watu hufika asubuhi wakapanga foleni, lakini mwenye karatasi ya apointimenti hapotezi kitu.

Ushauri wangu kwa kuchagua siku: usichague ile ya karibu zaidi kwa sababu tu iko. Chagua siku ambayo mikono yako itakuwa tayari (nitaeleza hapa chini) na ambayo una asubuhi nzima. Ukikosa siku yako, ingia kwenye maombi yale yale utafute kubadilisha tarehe, usianzishe maombi mapya.

Mko nje, Doha, Muskati, Jeddah na kwingine, mnaweza kuanza kwa eCitizen kama kawaida, mkaprinti C24, mkachukuliwa vidole kwenye ubalozi wa Kenya ama polisi wa huko, halafu fomu yenyewe ya karatasi itumwe makao makuu ya DCI Nairobi pamoja na nakala ya invoisi na kitambulisho ama pasipoti. Fomu ya karatasi, si picha ya simu. Picha haisomeki kwa kazi hii.

Vidole vyenyewe

Hapa ndipo nataka usome polepole.

Pale kituoni afisa atapaka wino vidole vyako, halafu atavizungusha kimoja kimoja kwenye visanduku, vyote kumi, kutoka ukingo mmoja wa kucha mpaka ukingo wa pili. Baadaye chini ya fomu atabandika vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja bila kuzungusha, na magumba. Vile vya pamoja ni vya kuhakiki, kwamba hakuna kidole kilichoingia kisanduku cha mwenzake. Vya kuzungusha ni kwa sababu alama ya kidole si ile katikati peke yake. Katikati kuna mzunguko, lakini pembeni kuna pale mistari mitatu inapokutana kama njia panda, na mchunguzi huhesabu mistari iliyo kati ya katikati na hiyo njia panda, ni moja ya mambo yanayosaidia kukutofautisha na mtu mwingine. Kidole kikibonyezwa tu bila kuzungushwa njia panda haionekani. Kidole kikibonyezwa kwa nguvu wino wajaa kwenye mifereji, chote chawa doa jeusi. Hizo zote mbili ni vidole vya kukataliwa.

Kwa hivyo kazi yako wewe ni moja: legeza mkono. Usimsaidie afisa. Watu wengi wakishikwa kidole wanakisukuma wenyewe kwa woga, kinateleza, alama yatoka mbili mbili. Angalia kando kama ni lazima, mwachie mkono kabisa.

Kisha hali ya ngozi. Mafundi wa mjengo, wafuaji nguo, wanaochonga makuti, wanaofungua chaza, wapishi wa hoteli, hawa mistari ya vidole huwa imelika. Simiti na sabuni kali ndizo mbaya zaidi. Ngozi hurudi, lakini yahitaji siku kadhaa, basi kama wiki hivi kabla ya apointimenti vaa glavu kazini ama uombe kazi nyingine, na usiku jipake vaselini kwenye ncha za vidole. Asubuhi ya siku yenyewe nawa na sabuni ya kawaida uondoe mafuta yote, usipake losheni. Mkono unaotoka jasho, na joto letu hili la Januari, beba kitambaa kikavu ufute kabla ya kila kidole, mwombe afisa akupe nafasi, si dhambi. Kina dada, kama kuna harusi wiki hiyo, hina isifike kwenye ncha, hasa kama kituo chatumia mashine ya kuskani badala ya wino. Na ukiwa na jeraha lenye plasta kwenye kidole, bora usogeze siku mpaka lipone. Kidole kilichokatika ama hakipo, mwambie afisa aandike kwenye kisanduku, kisiachwe wazi bila maelezo.

Kabla hujatoka pale itazame fomu. Wewe mwenyewe waona. Kama mistari yaonekana kama mistari ya shamba lililolimwa, sawa. Kama ni doa, ama ni kijivu hakionekani, omba kwa adabu irudiwe hapo hapo. Ndio maana mimi humpa mteja C24 mbili, ya ziada iko ndani ya bahasha. Karatasi moja ya shilingi ishirini yaweza kukuokolea wiki tatu. Hakikisha fomu imetiwa sahihi na muhuri, na ile nakala yako ya invoisi urudi nayo nyumbani uiweke.

Kijana wa fundi

Nieleze moja niliyoifuata mpaka mwisho. Kijana fundi wa mawe, alipata kazi ya ulinzi Qatar. Akaunti yake, namba yake, sababu tuliandika kazi na nchi, majina ya pasipoti na kitambulisho sawa. Tulijaza Jumatatu, Jumatano akaenda kituo kimoja huku Pwani akitokea saiti, vidole vina chokaa. Alinawa, akapakwa wino, fomu ikachukuliwa, hakuitazama.

Wiki mbili kimya. Kwa akaunti hali haibadiliki. Nilimwambia asubiri kidogo kwa sababu fomu za kaunti huwa hazisafiri moja moja, hukusanywa zikapelekwa Nairobi kwa mafungu, kwa hivyo siku zako za kungoja ni zile za uchunguzi pamoja na za safari ya karatasi. Kawaida mimi huwaambia watu wategemee siku 7 mpaka 14 za kazi, na wasihesabu Jumamosi na Jumapili wala sikukuu. Siku ya 16 ya kazi nikamwambia nenda kaulize, beba nakala ya invoisi. Akaambiwa vidole vitatu vya mkono wa kulia havisomeki, arudie.

Hatukulipa upya. Tuliingia kwenye maombi yale yale, tukaprinti C24 mbili. Nikamkataza kushika simiti siku saba, alikuwa anakasirika maana siku ni pesa, akawa anapaka vaselini na kulala na soksi mikononi. Akarudi asubuhi mapema kabla jua halijakaza, akakausha mkono, kidole cha shahada kilitoka vibaya wakatumia fomu ya pili. Siku 9 za kazi baadaye cheti kikawa kwenye akaunti. Lakini ukijumlisha, alipoteza karibu mwezi na nusu na ajenti alishaanza kumtisha.

Kujua kimekwama wapi

Ukingoja, ingia mwenyewe kwenye maombi yako mara moja kila siku tatu hivi. Kama fomu bado yasema hujalipa, tatizo ni malipo na vidole vyako havitasogezwa. Kama malipo yako sawa na umepitisha siku 14 za kazi tangu vidole, nenda pale pale ulipochukuliwa na nakala ya invoisi uulize kama fungu la siku yako lilitumwa, kisha uulize kama kuna kasoro ya vidole. Maswali mawili hayo kwa mpangilio huo, maana la kwanza ndilo rahisi kujibiwa.

Kuna wale ambao huchelewa kwa sababu vidole vyao vimegonga rekodi. Kama uliwahi kukamatwa ukapelekwa kortini na ukachukuliwa vidole, hata kama kesi ilitupiliwa mbali miaka iliyopita, rekodi yaweza kuwa bado yasoma kama kesi iko wazi kwa sababu hakuna aliyepeleka matokeo. Usikae ukiomba Mungu wasione. Nenda kwenye rejista ya ile korti na namba ya kesi, uombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, uipeleke DCI rekodi isahihishwe. Hili lachukua muda kuliko yote niliyotaja, kwa hivyo mwenye historia kama hiyo aanze na korti hata kabla ya kufungua eCitizen. Na kama ulihukumiwa kweli, mwambie ajenti mapema, kuna kazi zinazokubali na zisizokubali, kuliko kulipia mihuri na tiketi halafu mambo yavunjike uwanja wa ndege.

Kikishatoka, kidaunlodi siku hiyo hiyo, weka kopi moja kwa imeli yako na moja kwa simu ya mtu wa nyumbani. Printi kwa rangi. Soma jina, namba ya kitambulisho na tarehe kabla hujampelekea mtu yeyote, na kama unaenda Ghuba anza safari ya mihuri ya Nairobi wiki hiyo hiyo.